Kifungu cha 14: Mavazi Kazini

Kifungu hiki kinafuta kile cha zamani kilichosema "wafanyakazi wavae kwa heshima", maneno ambayo kila msimamizi aliyasoma kwa jicho lake. Kinawahusu wote wa ofisi ya Mafinga na wa banda la kupakia parachichi, vibarua wa msimu wakiwemo. Kinaanza kutumika tarehe 1 Juni 2026.

14.1 Ofisini. Vaa nguo safi, isiyochanika, inayofunika kuanzia mabega hadi magoti, uwe mwanamke au mwanaume. Rula haitatumika. Jinzi, kitenge, kanzu na hijabu ni ruksa. Tai si lazima. Kandambili, nguo zenye matusi na sare za chama chochote cha siasa ziache nyumbani.

14.2 Bandani. Hapa hakuna mjadala. Mashine ya kuchambua ina mikanda na roli zinazozunguka, na ncha ya kitambaa ikinaswa, mkono hufuata kabla mwenzako hajakifikia kitufe cha kuzimia. Khanga, shali na mikono mipana haviingii kwenye eneo lililochorwa mstari wa njano. Pete (ya ndoa pia), bangili, saa na hereni zinafungiwa kabatini. Misuko, rasta na ndevu huna haja ya kunyoa; vifunike kwa neti. Anayevaa hijabu atapewa ya kubana, isiyo na pini. Ovaroli, neti na gambuti vinatolewa na Kampuni bure, na vikichakaa vinabadilishwa.

14.3 Baridi. Juni na Julai sweta, koti na kofia ya sufu vinaruhusiwa ofisini bila kuomba. Hata mgolole, ukipenda. Bandani sweta livaliwe ndani ya ovaroli, hivyo chukua ovaroli ya saizi inayoliruhusu.

14.4 Imani, ujauzito, ulemavu na afya. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi kama dini, ujauzito na ulemavu. Anayehitaji vazi tofauti amwambie Ofisa Rasilimali Watu, hata kwa mdomo, na atajibiwa ndani ya siku 3 za kazi. Mjamzito hadaiwi cheti cha daktari ili abadilishiwe ovaroli. Ombi likikataliwa, sababu iandikwe, na iwe ya usalama tu.

14.5 Utekelezaji. Msimamizi azungumze na mhusika faragha na ataje kipengele kilichovunjwa. Asipokipata humu, hana kosa la kumshtaki nalo. Haruhusiwi kumgusa, kumpima wala kumpiga picha. Wa ofisini anaendelea na kazi siku hiyo. Wa bandani anapangiwa kazi mbali na mashine hadi avae inavyotakiwa, na ujira wa siku haukatwi. Hakuna faini. Kosa lilelile likirudiwa mara 3 ndani ya miezi 6, atapewa onyo la maandishi, ambalo anaweza kulikatia rufaa kwa Meneja ndani ya siku 5 za kazi, akiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi akitaka. Kukosa vifaa ambavyo Kampuni haijavitoa si kosa la mfanyakazi. Msimamizi anayekitumia kifungu hiki kumsumbua mtu atachukuliwa hatua za nidhamu yeye mwenyewe.