Orodha ya Makabidhiano ya Nyumba kati ya Mpangaji Anayeondoka na Mpangaji Anayeingia

Nyumba: namba 6, ghorofa ya pili, sebule, jiko, vyumba viwili vya kulala, bafu lenye choo, na baraza dogo la nyuma.
Siku ya ukaguzi: Jumamosi, 28 Februari 2026, kuanzia saa 3:00 asubuhi hadi saa 8:20 mchana.

Orodha hii imeandikwa kwa mkono wa mpangaji anayeondoka, niliyeishi hapa tangu 1 Machi 2023. Mpangaji anayeingia alikuwepo muda wote na kila mstari alisomewa kabla ya kuendelea na mwingine. Mwenye nyumba hakuweza kufika, ila ameridhia kwa maandishi tukague wenyewe, naye atapewa nakala yake.

Tumeandika tulichokiona na kukijaribu leo. Pale ninapotaja jambo la zamani, nimesema wazi kuwa ni la zamani. Neno "kizima" hapa lina maana kwamba kitu kinafanya kazi yake na hakina dosari inayoonekana. "Kimechakaa" ni kile kilichofifia au kulika kwa kutumika tu, bila mtu kukiharibu. Hicho hakidaiwi kwa mtu yeyote. "Kina kasoro" maana yake kinatumika lakini kuna pungufu, na pungufu hilo limeelezwa. "Kibovu" hakitumiki. Picha 64 zimepigwa na kupewa namba, na sote wawili tunazo kwenye simu zetu.

MITA

Umeme: 18642.7. Saketi breka kuu ina kitufe cha majaribio. Tulikibonyeza, umeme ukakatika papo hapo, tukaurudisha. Swichi ndogo ndani ya sanduku ni nane, na vibandiko vya majina nimeviandika upya kwa sababu vile vya awali vilikuwa vinadanganya: iliyoandikwa "jiko" ilikuwa inazima chumba cha pili.

Maji: hapa tulikaa sana. Tulifunga koki zote, tukauangalia mshale mdogo mwekundu wa mita. Ulikuwa unazunguka, polepole lakini unazunguka. Tukatia rangi ya chakula kwenye tangi la choo bila kuvuta maji, na baada ya dakika kumi na tano rangi ilikuwa imeshuka kwenye bakuli. Mpira wa chini ya tangi ndio uliokuwa umelegea. Nakiri sikujua, na bili za miezi ya karibuni sasa naona zilipotoka. Kwa kuwa umeharibika nikiwa mimi ndani, nimenunua mpira mpya na fundi ameufunga saa 6:10 mchana. Tulirudia jaribio kwa dakika ishirini, mshale haukusogea. Namba ya makabidhiano, baada ya matengenezo: 917.402. Maji yote yaliyopita kabla ya namba hiyo nitayalipa mimi.

MLANGO WA MBELE

Mbao ni nzima, rangi imechakaa kwenye usawa wa mkono. Bawaba tatu, ya chini inalia. Kitasa ni kizima, lakini kina historia ambayo ni lazima iandikwe: mwaka 2024 ufunguo mmoja ulinipotea, nikabadilisha kitasa chote kwa gharama yangu. Funguo za zamani alizobaki nazo mwenye nyumba hazifungui tena. Kitasa kipya kilikuja na funguo nne. Zote nne zimehesabiwa leo mezani. Anayeingia anachukua tatu, ya nne anapelekewa mwenye nyumba. Komeo la ndani ni zima. Kengele ni mbovu, na ilikuwa mbovu nilipoingia.

SEBULE

Kuta zilipakwa rangi nyeupe Januari mwaka huu, isipokuwa ukuta wa dirishani. Ukuta huo una ufa unaoanzia pembe ya juu kulia ya dirisha na kupanda mshazari kuelekea dari, urefu sentimita 74. Sehemu yake pana kuliko zote ni milimita 2, kwa rula. Ufa ulikuwepo 2023. Urefu wake wa wakati ule sikuupima, na ndiyo sababu leo tumeupima. Ncha zote mbili zimewekewa alama ya penseli na tarehe. Ukivuka alama, itajulikana kuwa ni jengo linalosogea, wala si msumari wa mtu. Picha namba 9 hadi 12.

Matundu ya misumari sita, yamezibwa na kupakwa rangi. Kwenye jua la asubuhi yanaonekana bado. Vigae vya sakafu ni vizima, isipokuwa kimoja mbele ya mlango wa jiko chenye mwanya wa kuvunjika pembeni, ukubwa wa ukucha. Hicho nilikivunja mimi nilipoangusha pasi, na mwenye nyumba anajua.

Dirisha: vioo vinne vizima, wavu wa mbu umechanika pembeni sentimita 5, umeshonwa. Fimbo ya pazia ni nzima. Mapazia ni yangu na yanaondoka.

Feni ya dari: kasi ya kwanza na ya pili ni nzima. Ya tatu inatikisika na kutoa mlio. Tuliiendesha dakika kumi, haikulegea zaidi, lakini tumekubaliana isitumike hadi fundi aitazame. Ina kasoro.

Soketi tatu, zote zilijaribiwa kwa chaja ya simu. Ya nyuma ya kochi imelegea ukutani ingawa inapitisha umeme. Balbu mbili zinawaka.

Kochi la watu watatu, mali ya mwenye nyumba. Fremu ni nzima. Foronya zimechakaa, na mto wa kati una doa la kahawia upande wa chini. Tuliugeuza kwa makusudi ili doa lionekane kwenye picha namba 17. Kugeuza mto wenye doa na kunyamaza ni desturi ya makabidhiano mengi, nami niliupokea hivyohivyo. Meza ndogo: mguu mmoja umeunganishwa kwa gundi, unabeba.

JIKO

Sinki la chuma: limekwaruzwa kwa matumizi, halivuji. Tulilijaza maji hadi juu, tukalifungulia kwa mkupuo huku tukipapasa bomba la chini kwa karatasi kavu, ilibaki kavu. Koki ya maji baridi ni nzima. Koki ya maji moto inadondosha tone moja kila sekunde tisa au kumi ikifungwa kawaida, na huacha ukiibana kwa nguvu. Isibanwe, ndivyo washa ya ndani inavyoliwa. Inahitaji washa mpya ya mpira, na mwenye nyumba ameshaarifiwa.

Jiko la gesi, mali ya mwenye nyumba, mafiga manne. Matatu yanawaka kwa mwali wa buluu. La nne, la nyuma kushoto, ndilo lililotuletea mabishano. Mimi niliandika "zima" kwa sababu linawaka. Anayeingia alisema mwali wake ni wa njano na unatia sufuria masizi, na kweli, sufuria yake ilitoka na masizi. Nikalisafisha tundu zake kwa sindano. Mwali ukapungua unjano, haukuisha. Tumeandika hivi: mpangaji anayeondoka anaona ni uchafu uliobaki, anayeingia anaona ni kasoro ya hewa, na wote wawili wanakubali kwamba leo mwali si wa buluu. Lina kasoro. Picha namba 26.

Mpira wa gesi ni mpya, umewekwa Novemba 2025. Tulipaka povu la sabuni kwenye maungio yote mawili, halikutoa mapovu. Mtungi ni wangu, naondoka nao.

Friji, mali ya mwenye nyumba: kipimajoto kilichokaa ndani usiku kucha kilisoma nyuzi 6. Mpira wa mlango umelegea pembe ya chini: karatasi iliyobanwa hapo inachomoka bila kuvutwa, kwingine inashika. Rafu ya kioo ya chini haipo, na haikuwepo 2023. Droo ya mboga ina ufa.

Kabati: milango sita. Wa pili kutoka kushoto umeshuka bawaba. Chini ya sinki ubao umevimba kwa maji ya siku nyingi, kabla yangu.

CHUMBA CHA KWANZA

Kitanda cha mbao: chaga kumi na mbili, moja imepasuka na kufungwa ubao wa msaada. Godoro halipo kwenye mkataba. Lililopo ni langu na linatoka leo. Kabati la nguo ni zima, ufunguo wake mmoja. Dirisha, wavu, swichi, soketi mbili, balbu: vizima.

CHUMBA CHA PILI

Doa la unyevu darini, upana wa sahani, rangi ya chai. Lilitokea mvua za mwaka jana, likakauka baada ya paa kuzibwa. Leo ni kavu kwa kugusa, ila halijaonja mvua kubwa tangu wakati huo. Ukingo wake umezungushiwa penseli. Vingine vizima. Meza ya kusomea ni yangu, ninaiacha bure. Si ya mwenye nyumba, na anayeingia akiondoka anaweza kwenda nayo.

BAFU NA CHOO

Bakuli la choo ni zima, tangi limeshaelezwa. Kifuniko cha kukalia kimelegea skrubu moja. Hita ya maji ilipasha kwa dakika kumi na tano, maji yakatoka ya moto. Shawa: matundu machache yameziba kwa chumvi ya maji. Silikoni ya pembeni ina ukungu mweusi. Nimeisugua mara mbili, umebaki. Kioo kimefifia kingo. Maji ya sakafuni yanaelekea kwenye tundu, yanachukua dakika mbili kuisha.

BARAZA

Kamba ya nguo, ndoano mbili zenye kutu. Mlango unahitaji kunyanyuliwa kidogo ili komeo liingie.

MAKUBALIANO

Kasoro zote zilizoandikwa hapa hazitadaiwa kwa anayeingia. Akigundua nyingine ambayo isingeweza kuonekana leo, kama vile dari kuvuja, ana siku saba, hadi Jumamosi 7 Machi 2026, kuniandikia ujumbe wenye picha. Utaambatanishwa na orodha hii. Kigae cha sebuleni kitakatwa kwenye amana yangu. Figa la nne tumemwachia mwenye nyumba aamue kwa jicho la fundi wake, na hadi hapo halimhusu mpangaji yeyote.

Nakala tatu zimesainiwa na sote wawili kwenye kila ukurasa. Funguo zilitoka mkononi mwangu saa 8:35 mchana: tatu za mlango wa mbele, mbili za baraza, moja ya kabati la nguo, na ile ya nne ya mbele ndani ya bahasha iliyofungwa.