Barua ya malalamiko: friza iliyojazwa gesi mara mbili na bado inavuja

Kihonda,
MOROGORO.

8 Mei, 2025

Meneja,
Duka la Vifaa vya Umeme vya Nyumbani,
MOROGORO MJINI.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU FRIZA YA LITA 200 INAYOVUJA GESI, NA OMBI LA KUBADILISHIWA AU KURUDISHIWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumatatu tarehe 5 Mei nilipiga simu kwenye kitengo chenu cha huduma kwa wateja. Tuliongea dakika 23. Nakiri kwamba siku hiyo sikuongea kwa mpangilio. Nilianza na samaki waliooza, nikaingia kwenye msiba uliotupata Mvomero, nikarudi kwenye LUKU, kisha nikamtaja fundi wenu, kwa sababu yote hayo yalinipata kwa wakati mmoja na nilikuwa nimechoka. Mwishowe mhudumu aliniambia: "Mama, maelezo ni mengi, weka kwa maandishi." Binti yangu alikuwa pembeni akirekodi, na nilimwambia mhudumu hivyo mwanzoni mwa mazungumzo. Ameyaandika neno kwa neno, akanisomea, na kutoka humo tumetoa barua hii. Msiba nimeuacha, kwa kuwa hauwahusu. Mengine yote yanawahusu.

Friza niliinunua dukani kwenu Jumamosi tarehe 8 Februari, 2025, kwa Sh. 780,000 taslimu, na nikapewa risiti ya EFD pamoja na kadi ya waranti ya miezi 12. Siku hiyohiyo muuzaji wenu alinishauri ninunue na stabilaiza kwa Sh. 65,000, akisema nikiwa nayo umeme hauwezi kunisumbua. Nikanunua, nayo imo kwenye risiti ileile. Naomba mlikumbuke jambo hili, nitalirudia.

Kazi yangu ni kuuza samaki, na mwezi wa Ramadhani huwa naongeza barafu na juisi. Friza ilifanya kazi vizuri hadi Jumatano tarehe 19 Machi, katikati ya mfungo. Asubuhi nilipofungua kifuniko nilikuta maji yametuama chini na sato wamelegea, macho yameingia ndani. Ukingoni kwenye kona moja tu, pale bomba linapoingilia, kulikuwa na ganda jembamba la barafu, kwingine kote pakavu. Kompresa ilikuwa inaunguruma mfululizo bila kupumzika. Nilimwaga kilo 18, ambazo kwa bei ya Sh. 9,000 kwa kilo ni Sh. 162,000.

Fundi wenu alikuja tarehe 22 Machi. Alijaza gesi, akasubiri kama nusu saa, akaona inaanza kuganda, akaondoka. Hakutafuta pa kuvuja. Siku mbili baada ya Idi, tarehe 2 Aprili, hali ikarudi vilevile, na kilo 11 zikaharibika, sawa na Sh. 99,000. Alikuja tena tarehe 10 Aprili, akajaza gesi tena, na safari hii akadai Sh. 35,000 za "gesi na nauli", wakati friza iko ndani ya waranti. Nililipa kwa sababu nilikuwa na mzigo wa mteja ndani. Risiti hakunipa, ila nilimtumia kwa simu na ujumbe wa muamala ninao. Jumapili tarehe 27 Aprili ikaacha kugandisha kwa mara ya tatu. Mara hii niliwahi kuhamishia samaki kwa jirani.

Katika simu ile, dakika ya 9, mhudumu wenu alisema: "Mama, Kihonda umeme wenu unapandashuka, friza nyingi za huko zinakufa hivyo." Hili silikubali. Stabilaiza mliyoniuzia ninyi imefungwa tangu siku ya kwanza na bado iko pale. Na umeme mbaya ungeunguza kompresa, lakini kompresa hii ni nzima, ilikuwa inawaka na kuunguruma usiku na mchana hadi nilipoichomoa, ndiyo maana uniti mbili nilizokuwa natumia kwa siku zilifika tano. Umeme hauwezi kutoboa bomba.

Bomba limetoboka, na nimeliona kwa macho yangu. Tarehe 29 Aprili nilimwita fundi wa mtaani, si wa kufungua wala kugusa chochote, bali wa kuangalia tu. Aliivuta friza kutoka ukutani akanionyesha nyuma, chini karibu na kompresa, mahali bomba mbili zilipochomelewa pamoja. Palikuwa na mafuta membamba yaliyoshika vumbi, alama ya upana wa kucha. Akachovya sponji kwenye povu la sabuni, akapaka pale. Baada ya muda mfupi mapovu madogo yakaanza kuumuka, moja baada ya jingine, mahali palepale. Binti yangu amepiga video. Kiungo hicho kilichomelewa kiwandani. Hakuna mkono wangu uliofika huko.

Kinachonitia hofu kuliko hasara ni hiki: kibandiko cha nyuma kimeandikwa R600a na kina alama ya moto. Gesi hiyo inashika moto. Friza iko kwenye chumba kinachopakana na kibaraza ninachopikia kwa mkaa, na wajukuu wanalala humo. Fundi wenu aliijaza mara mbili na kuiacha ivuje ndani ya nyumba yenye watoto bila kunionya hata kwa neno moja. Nimeichomoa kwenye umeme, madirisha nayaacha wazi, na jiko nimelihamishia uani.

Kwa hiyo sihitaji kujaziwa gesi mara ya tatu. Dakika ya 17 mhudumu alisema atamtuma fundi "aongeze kidogo", nami namkatalia kwa barua hii. Naomba mnipe friza nyingine mpya ya ukubwa uleule, au mnirudishie Sh. 780,000. Pamoja na hilo, naomba mnilipe Sh. 296,000, yaani samaki wa mara zote mbili pamoja na Sh. 35,000 alizochukua fundi wenu. Pesa za LUKU na siku nilizokaa bila biashara sizidai, ingawa zimeniumiza. Gharama za kirikuu ya kuja kuichukua friza mbovu ziwe juu yenu.

Naomba nipate jibu la maandishi ifikapo Alhamisi tarehe 22 Mei, 2025. Tafadhali msinijibu kwa simu, kwa kuwa tangu Machi nimeahidiwa kwa simu mara nne na kila mhudumu anaanza kuniuliza upya friza ni ya aina gani. Nisipopata jibu nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, FCC, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina wajibu wa kumlinda mlaji. Ningependa tumalizane hapa Morogoro. Dukani kwenu nimenunua vitu kwa miaka, hata feni na pasi za nyumbani kwangu zimetoka kwenu, na muuzaji aliyenihudumia tarehe 8 Februari alinihudumia kwa heshima.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, kadi ya waranti, picha za kibandiko na za kiungo kinachovuja, ujumbe wa muamala, na mazungumzo ya simu kwa ukamilifu, kurasa sita. Video nitaionyesha mtu wenu atakapofika. Friza yenyewe sijaifungua wala kuitengenezesha kwingine. Iko kama fundi wenu alivyoiacha. Namba yangu ya simu ni ileile iliyoandikwa kwenye kadi ya waranti, na nipo nyumbani kila siku baada ya saa nane mchana.

Wenu mteja,

Mama Zuhura
Muuza samaki, Kihonda