Mti wa maamuzi wa risechi methodi: dizaini kwanza, sampuli baadae

Jamani, lile desa la slaidi za dizaini na sampuli nimelipanga upya liwe mti, maana kwenye slaidi kila kitu kimekaa na maana yake, faida zake na hasara zake, ukimaliza kusoma unazijua zote ila wewe uchukue ipi bado hujui, na kwenye difensi hawakuulizi klasta ni nini, wanakuuliza kwa nini umechukua klasta. Tumia hivi: liandike lengo lako kuu kwa sentensi moja juu ya karatasi, anza swali la 1, jibu, fuata mshale, usiruke. Lengo likishindwa kujibu swali la 1 basi lirekebishe kwanza, usihangaike na sampuli.

DIZAINI

1. Unataka idadi au unataka kuelewa watu wanaonaje na kwa nini?
Idadi → 2. Kuelewa → kwalitetivu, nenda 9.

2. Ni wewe unayeamua nani apate kitu (mafunzo, dawa, chandarua) na nani asipate?
Ndiyo → 3. Hapana → 4.

3. Unaweza kugawa kwa kura?
Ndiyo → jaribio la nasibu. Hapana → nusu jaribio, ila uwe na kundi la kulinganisha na upime kabla na baada. Angalizo: mafunzo ya kunawa mikono kwenye shule za Muheza huwezi kugawa mtoto mmoja mmoja, watahadithiana mapumziko tu, kwa hiyo unapiga kura ya shule nzima na hesabu zako zikumbuke kwamba kilichogawiwa ni shule.

4. Unatafuta hali ilivyo sasa au kisababishi?
Hali ya sasa → kros-sekshono, wengi wetu tutaishia hapa na si dhambi, muda na hela ndivyo vilivyo. Ila usije ukaandika "imesababisha". Ukikuta bodaboda wanaovuta sigara wana msongo zaidi, na vyote umevipima siku moja, hakuna anayejua kilichoanza ni sigara au msongo. Andika "vinahusiana", basi.
Kisababishi → 5.

5. Tokeo ni adimu au linachukua miaka kutokea?
Ndiyo → kesi-kontroli: unaanza na wenye tatizo na wasio nalo, unarudi nyuma kuuliza walikutana na nini.
Hapana, au kinachodhaniwa kusababisha ndicho adimu → kohoti: unaanza na waliokutana nacho na wasiokutana nacho, unawafuata mbele.
Doll na Hill wamepita njia zote mbili kwa swali lile lile la sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1950 walitoa kesi-kontroli ya wagonjwa wa hospitali, halafu kuanzia 1951 wakawafuata madaktari wa Uingereza kwa miaka mingi. Ya kwanza inatoa jibu mapema, ya pili inaonyesha kipi kilitangulia.
Kwenye kesi-kontroli kazi ngumu ni kupata kontroli. Jiulize hivi, huyu kontroli angeugua, angefika hospitali hii hii ninayochukulia kesi? Kesi zako ni za hospitali ya Bombo, Tanga mjini, na wengine wamepewa rufaa kutoka Lushoto na Kilindi, halafu kontroli umeokota Ngamiani kwa sababu ni karibu na hosteli, hapo unalinganisha mji na milima, ugonjwa haumo.

SAMPULI

6. Dizaini ya idadi ukishaipata, endelea hapa. Orodha ya watu wote unaowataka ipo, na ni nzima?
Ndiyo → 7. Hapana → 8. Swali hili ndilo linaloamua karibu kila kitu huku chini, usijibu kwa kukisia, nenda kaione hiyo orodha kwa macho.

7. Kuna kundi dogo ambalo lazima uliongelee peke yake?
Ndiyo → tabaka: gawa orodha kwanza, kisha chagua kwa nasibu ndani ya kila tabaka. Kama wanawake ni wachache kazini na unawahitaji, ongeza idadi yao halafu urudishe uzito kwenye uchambuzi.
Hapana → nasibu rahisi, au sistematiki kama orodha ni ndefu. Sistematiki ni idadi ya wote, N, gawanya idadi unayoitaka, n, jibu ndiyo ruka yako, anza na namba ya kura, ila angalia orodha isiwe na mpangilio unaojirudia.

8. Orodha ya watu haipo. Ya maeneo je?
Ipo (mitaa, vijiji, shule) → klasta, na eneo lipate nafasi kulingana na ukubwa wake. Mfano mdogo, mitaa mitano: A kaya 300, B 900, C 250, D 1,150, E 400, jumla 3,000. Unataka mitatu, kwa hiyo ruka ni 1,000. Kura ya kuanzia imetoka 412, unafuata 412, 1,412 na 2,412. Ukijumlisha kaya kwa kupanda, 412 imo B, 1,412 imo C, 2,412 imo D. Kila namba inapoangukia chukua kaya idadi sawa kwa nasibu, mtaa ukiangukiwa mara mbili chukua mara mbili, na kila kaya inakuwa na nafasi sawa.

Haipo, ila watu wanakusanyika mahali → mahali na muda. Hapa nawaomba wenye topiki za wavuvi msome taratibu. Ukienda diko la Deep Sea asubuhi ukawadodosa uliowakuta, umepata wa asubuhi ile tu. Wa dagaa wanavua na taa wakati wa giza, mbalamwezi ikikomaa wengi wanapumzika, sasa ukipanga wiki yako ya data ikaangukia mwezi mpevu umewakosa karibu wote, halafu ripoti inasema "wavuvi wa Tanga". Andika jedwali la madiko, siku za giza na za mbalamwezi, asubuhi na jioni, kisha upige kura kwenye vile visanduku vya jedwali.

Haipo na watu wenyewe wanajificha, kama watumiaji wa heroini → mnyororo, mmoja anakuletea mwingine. Anza na watu wa vijiwe tofauti, na usidai asilimia ya mji mzima.

9. Kwalitetivu
Kusudi: unachagua anayelijua jambo, na unachanganya makusudi (mkunga, mama aliyejifungulia nyumbani Pangani, mume, mkwe). Unasimama pale mahojiano mapya yasipoleta jipya. Msiweke fomula ya Yamane ya idadi ya sampuli hapa, tafadhali.

10. Idadi, mwisho kabisa
Fomula haichagui mbinu. Yamane inataka N na kosa unalokubali, e, na nyuma yake kuna dhana ya nasibu rahisi:

```
n = N / (1 + N*e^2)
1200 / (1 + 1200*0.05^2) = 300
```

Ukiwa na klasta hiyo 300 haitoshi, watu wa mtaa mmoja wanafanana. Tumia ya uwiano: 1.96² × 0.5 × 0.5 ÷ 0.05² ni 385, zidisha na athari ya dizaini, tuseme 1.5, ni 578, gawanya kwa 0.9 kwa ajili ya watakaokataa, ni 643.
Na wingi hauponyi uchaguzi mbovu. Mwaka 1936 jarida moja la Marekani lilikusanya kura za maoni zaidi ya milioni 2 likatabiri Landon, Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48.

Kila mmoja apitishe topiki yake, aandike njia yake kwa namba (mfano 1-2-4-6-8-10) aitume kabla ya Ijumaa jioni, Jumamosi tunakaa tunahojiana kila hatua kwa nini umekata kona pale.