Wasifu wa Kazi: Zuhura Saidi Mbonde, Wakala wa Bima za Jumla, Dar es Salaam

Ninaomba nafasi ya msimamizi wa mawakala wa bima, kanda ya Dar es Salaam. Mimi ni Mtanzania mwenye umri wa miaka 34, mkazi wa Sinza, wilaya ya Ubungo. Anwani na namba zangu za simu zimo katika barua ya maombi iliyoambatana na wasifu huu.

Leseni na elimu

Nina leseni hai ya uwakala wa bima za jumla iliyotolewa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 394. Nilisajiliwa mara ya kwanza mwaka 2018, na tangu hapo sijawahi kufanya kazi hata siku moja leseni ikiwa imeisha muda. Nakala yake pamoja na cheti cha mlipa kodi nimeviambatisha. Leseni hiyo hainiruhusu kuuza bima za maisha, kwa hiyo mteja anayezihitaji mimi humwelekeza kwa mwenye kibali chake. Nilipata stashahada ya bima katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mtaa wa Shaaban Robert, mwaka 2014, na cheti cha umahiri wa bima mwaka 2018, miezi michache kabla ya kuomba leseni.

Uzoefu wa kazi

Kuanzia 2019 hadi sasa ni wakala wa kampuni moja ya bima za jumla yenye ofisi katikati ya jiji. Ofisi yangu ni chumba kimoja Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi, nikiwa na msaidizi mmoja niliyemfundisha mwenyewe kuandaa hati na stika kwa mfumo wa kielektroniki na kumwonyesha mteja, palepale mezani, namna ya kuhakiki stika yake kabla hajaondoka.

Mwaka 2018 nilifanya kazi chini ya wakala mwingine kwa miezi minane. Niliondoka kwa sababu fedha za wateja zilikuwa zikikaa mezani siku kadhaa kabla ya kupelekwa kwenye kampuni, ilhali kinga ya bima haianzi mpaka ada ilipwe. Mteja wangu mmoja mwenye daladala alipata ajali katika siku hizo, na madai yake yakakataliwa. Nalieleza hili kwa kuwa ndilo lililonifanya niweke utaratibu ninaoufuata hadi leo: mteja analipa moja kwa moja kwa kampuni kwa namba ya malipo, wala fedha yake haipiti mkononi mwangu.

Kati ya 2015 na 2017 nilikuwa afisa mauzo wa bima za maisha na za elimu ya watoto, kazi iliyonizoesha kugonga milango mingi na kurudi kwa yuleyule aliyesema “njoo mwezi ujao.”

Kamisheni

Takwimu zifuatazo ni za kamisheni kabla ya kukatwa kodi, na zinaweza kulinganishwa na taarifa za malipo za kampuni ninayoiwakilisha. Mwaka 2019 nilipata shilingi 6,400,000, na mwaka 2020 nikashuka hadi 5,100,000, kwani wateja wangu wengi wakati huo walikuwa wenye magari ya kubeba watalii na magari hayo yalikuwa yameegeshwa. Mwaka 2021 nilipata 9,800,000, mwaka 2022 nikafikia 14,200,000, na mwaka 2023 zikawa 19,600,000. Mwaka 2024 nilikusanya ada za shilingi 178,000,000 na kupata kamisheni ya 23,100,000.

Katika kamisheni hiyo ya 2024, shilingi 16,400,000 zilitokana na wateja waliohuisha bima zao, si wateja wapya. Hati 296 zilifikia ukomo mwaka huo na 249 zilihuishwa, sawa na asilimia 84. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha wakala, maana bima ya mara ya kwanza huuzwa kwa maneno, lakini ya mara ya pili huuzwa kwa jinsi madai yalivyoshughulikiwa.

Wateja

Hivi sasa nina wateja 318 wenye hati hai. Wenye magari ni 204, wakiwemo madereva wa bajaji na wamiliki wa malori yanayokwenda mikoani. Wenye maduka na maghala ni 71. Waagizaji wa mizigo kutoka nje ni 26. Na 17 wamekatia bima nyumba zao za kuishi, wengi wao Tegeta na Mbezi.

Kundi la maduka lilikua baada ya moto ulioteketeza Soko la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Kabla ya hapo nilikuwa na maduka tisa tu. Wiki zile wafanyabiashara walikuja wenyewe, nami sikuwauzia haraka: nilipita duka kwa duka na daftari, tukahesabu mzigo rafu kwa rafu, kwa sababu wengi walitaka kutaja thamani ndogo ili ada ipungue. Nilimwonyesha kila mmoja hesabu hii: mwenye mzigo wa shilingi milioni 80 akikata bima ya milioni 40, akipata hasara ya milioni 20, masharti ya uwiano humpa milioni 10 tu. Waliokasirika walikuwepo, na wawili walikwenda kwa wakala mwingine.

Ujuzi wa bidhaa

Bima ya magari ndiyo ninayoifahamu kwa undani zaidi. Humweleza mteja kabla hajalipa kwamba bima ndogo, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, humlinda mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari lake, wala haitengenezi gari lake mwenyewe. Na kwamba hata bima kubwa ina kiasi cha hasara atakachobeba yeye. Ajali inapotokea, mimi hwenda kituoni cha polisi pamoja na mteja kufuatilia ramani ya ajali na fomu ya ukaguzi wa gari, kwani jalada lililopungukiwa karatasi moja hurudishwa na kuanza foleni upya.

Kwa mizigo ya baharini, ninajua tofauti ya masharti ya kundi A, B na C, na humwonya muagizaji kwamba unafuu wa ada wa kundi C una gharama yake, kwa kuwa wizi haumo. Nimeshughulikia pia bima za moto na wizi, dhamana za zabuni kwa wakandarasi wadogo na bima ya ajali kwa wafanyakazi. Bima za mitambo mikubwa na za mafuta na gesi sijazifanyia kazi.

Lugha na wadhamini

Ninazungumza na kuandika Kiswahili na Kiingereza kwa ufasaha, na Kizaramo ninakizungumza. Ninatumia programu za hesabu za kompyuta kutunza orodha ya wateja na tarehe za ukomo wa hati, na kila mteja hupigiwa simu siku 30 na tena siku 7 kabla ya bima yake kwisha. Wadhamini wangu ni mkuu wa kitengo cha madai wa kampuni ninayoiwakilisha, mhadhiri aliyenifundisha chuoni, na mfanyabiashara wa vitambaa wa Kariakoo aliyelipwa fidia kupitia kwangu mwaka 2023. Majina na namba zao, kwa idhini yao, yamo katika bahasha ya pili.