Muhtasari wa Fomu Yako ya Tathmini ya Utendaji Kazi, Januari hadi Juni

Kwa: Mtunza Stoo, Stoo Kuu
Kutoka: Ofisa Utumishi

Ndugu, habari za kazi.

Fomu yako ya nusu mwaka imerudi kutoka kwa msimamizi wako. Ina kurasa sita, nami nimeifupisha ili ukiingia kwenye kikao cha Alhamisi saa nne asubuhi uwe umeshajua kilichomo. Alama zimekaa peke yake na maneno ya msimamizi peke yake, kama fomu yenyewe ilivyozitenga. Sikuchukua sentensi yoyote ya maoni nikaifanya sababu ya alama fulani, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuziunganisha.

Alama (Sehemu B)

Kipimo ni 1 hadi 5. Wengi wakiona 3 hudhani wamepasi kwa shida. Kwenye fomu hii 3 maana yake ni "ametimiza kilichotarajiwa". 4 na 5 ni kuvuka hapo.

| Kipengele | Uzito | Uliyojipa | Aliyokupa msimamizi |
|---|---|---|---|
| Usahihi wa kumbukumbu za stoo | 30% | 4 | 4 |
| Kutoa mzigo kwa wakati | 25% | 4 | 3 |
| Usalama na usafi wa stoo | 20% | 5 | 5 |
| Ushirikiano na idara nyingine | 15% | 4 | 3 |
| Taarifa za mwisho wa mwezi | 10% | 3 | 2 |

Jumla yako ni 3.60, iliyo kwenye daraja la "Mzuri" (3.50 hadi 4.49). Ukijumlisha alama tano ukagawa kwa tano utapata 3.40, na usishtuke: kila alama huzidishwa kwanza kwa uzito wake, na vipengele vyako vya juu ndivyo vyenye uzito mkubwa kuliko kile cha taarifa. Kwa alama ulizojipa mwenyewe jumla ingefika 4.10. Daraja lingebaki lile lile.

Maoni ya msimamizi (Sehemu C)

Kuhusu kumbukumbu, ameandika kwamba katika hesabu ya Juni vitu viwili tu kati ya 340 havikulingana na leja, na vyote viwili ulivieleza siku hiyo hiyo. (Tarakimu hizo ni zake, ziko ndani ya maelezo. Siyo alama, ndiyo maana hazimo kwenye jedwali.)

Kuhusu kutoa mzigo, anasema mafundi wa zamu ya asubuhi wamekuwa wakisubiri dirishani, hasa Jumatatu. Ameongeza kuwa kwa miezi miwili ulikuwa huna msaidizi.

Kuhusu usalama ameandika sentensi moja: "Stoo imepangwa vizuri, njia ziko wazi muda wote."

Kuhusu ushirikiano: "Idara ya matengenezo inamsifu, hakatai simu hata baada ya saa za kazi."

Kuhusu taarifa, anasema ya Februari na ya Aprili zilichelewa, na ya Aprili ilikuja bila orodha ya bidhaa zinazokaribia kuisha muda. Hapa ndipo alipoandika kwa urefu kuliko pengine pote, karibu nusu ukurasa. Kiini chake ni kwamba idara ya ununuzi huagiza kwa kutegemea orodha hiyo.

Mwisho amependekeza malengo mawili hadi Desemba: taarifa ifike kabla ya tarehe 3 ya kila mwezi, na msaidizi wako mpya afundishwe kuingiza mzigo kwenye mfumo bila kusimamiwa.

Mahali pa kuuliza

Kipengele cha ushirikiano nimekisoma mara mbili. Maneno yake ni ya sifa tupu, alama ni 3. Huenda ana sababu, huenda alipitiwa. Kazi yangu siyo kukisia, na sikupunguza sifa wala kupandisha alama ili vilingane. Muulize Alhamisi. Muulize pia kama ile miezi miwili ya kukosa msaidizi aliihesabu alipoweka alama ya kutoa mzigo, maana ameitaja lakini hakusema.

Sahihi

Kuweka sahihi ni kukiri kwamba umeiona fomu, siyo kwamba umeikubali. Sehemu D ni yako: una siku 7 tangu siku ya kikao kuandika maoni yako, nayo yatahifadhiwa kwenye jalada pamoja na ya msimamizi. Ukipinga alama, taja kipengele na uambatishe ushahidi, kwa mfano nakala za vocha za kutolea mzigo zenye saa. Muhtasari huu hauingii jaladani. Ukiona umetofautiana na fomu mahali popote, fuata fomu, kisha unijulishe nirekebishe.