Kumbukumbu za faili ya utumishi: karani wa stoo, nambari ya kazi 0417

Kwa: Msimamizi wa Stoo ya Vipuri, Barabara ya Enterprise, Nairobi
Kutoka: Idara ya Wafanyakazi
Tarehe: 5 Juni 2025

Bwana Msimamizi,

Ujumbe wako wa 23 Mei kuhusu karani huyu hauwezi kuingia kwenye faili jinsi ulivyo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwenyewe ana haki ya kuisoma faili yake na kudai kilicho cha uongo kirekebishwe. Na kesi ya kuachishwa kazi ikifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha sababu zake (kifungu cha 43, Sheria ya Ajira ya 2007). "Kila mtu anajua" si ushahidi. Nimelinganisha maneno yako na rejista ya lango, kadi za stoo na kikao cha 4 Juni, nikayaandika upya.

Uliandika: "Anakuja saa anayotaka yeye."

Faili: Zamu huanza saa 2:00 asubuhi. Kati ya 5 na 22 Mei 2025 alichelewa siku 3 kati ya 14 za kazi: 6 Mei (saa 2:35), 14 Mei (saa 2:25) na 20 Mei (saa 2:50). Tarehe 20 alipiga simu saa 1:40 kutoa taarifa. Siku zile mbili hakupiga. Tarehe 6 lori la kwanza lilisubiri dakika 35, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na funguo za chumba cha vipuri.

Uliandika: "Stoo inavuja, na mkono wake upo."

Faili: Katika hesabu ya mali ya 22 Mei, bidhaa 34 kati ya 40 zililingana na kadi, 6 hazikulingana. Filta za mafuta FO-118 zilipungua 12, na FO-181 kwenye rafu jirani zikazidi 12. Hati ya kupokea mzigo ya 9 Mei inaonyesha boksi moja la filta 12 za FO-181, ambalo kwenye kadi limeingizwa kama FO-118. Ni kosa la uandishi. Bidhaa 4 zilizobaki zilitolewa kwa vocha halali ambazo hazikuandikwa kwenye kadi. Jumla ya vocha ni sawa na upungufu. Hakuna kilichothibitika kupotea. Utaratibu ni kadi ijazwe kabla mzigo haujatoka. Yeye huzijaza jioni kwa kukumbuka, na hapo ndipo makosa yanapoingia.

Hapa tuelewane: "mkono wake upo" ni tuhuma ya wizi. Usiirudie mbele ya wafanyakazi wenzake.

Uliandika: "Tangu azae akili haiko kazini." Nimeiondoa. Sheria ya Ajira inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ujauzito, na kifungu cha 46 hakikubali sababu yoyote inayotokana nao kuwa msingi wa kumwachisha kazi. Yanaingia maelezo yake mwenyewe, kwa idhini yake: kituo kinachomlelea mtoto hufunguliwa saa 1:30, na kutoka hapo hadi kazini barabara hujaa magari.

Uliandika: "Ana kiburi." Kwa maelezo yako ya mdomo, 16 Mei ulimwagiza ahesabu upya rafu ya tatu, akajibu "nikimaliza mzigo huu", akaihesabu saa mbili baadaye bila kosa. Huo si utovu wa nidhamu, na hauingii.

Maneno kuhusu yeye na dereva wa lori: yamefutwa.

Hukuandika, lakini linaingia: 14 Mei aligundua makasha 38 badala ya 40 kabla ya kutia sahihi, na mzigo uliopungua ukaletwa. Pia, tangu ahamie stoo hii Februari 2025 hajafundishwa mfumo wa kompyuta. Hilo ni deni letu.

Tulivyokubaliana 4 Juni: kuanzia 9 Juni zamu yake itakuwa saa 2:30 asubuhi hadi 11:30 jioni, mafunzo ya mfumo 10 na 11 Juni, funguo za akiba zitakaa kwako. Kila Ijumaa hesabuni pamoja bidhaa 10, angalau 9 zilingane na kadi, na mtie sahihi wote wawili. Mapitio ni 4 Julai 2025. Hili si onyo. Iwapo baadaye itafikiriwa kumwachisha kazi kwa utendaji duni, lazima kwanza aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua (kifungu cha 41).

Karani amesoma kumbukumbu hizi leo, akatia sahihi na kuongeza kwa mkono wake: "Nakubali kuhusu kadi. Tarehe 6 simu yangu ilikuwa imezima." Nakala yake amepewa.

Afisa wa Wafanyakazi