Ripoti ya kwadrati, mteremko wa Luchelele (kundi la 3)

Mwalimu shikamoo. Hii ndo ripoti yetu ya Jumamosi, naomba uisome mpaka mwisho kabla ya kuangalia namba, maana namba ya kwanza tuliyoipata hatuiamini.

Eneo ni mteremko wa mita 40 kwa 25 pale ufukweni Luchelele, juu kuna njia ya watembea kwa miguu na sehemu wanayoanika dagaa, katikati majani mafupi na vichaka vya lantana, chini tope halafu mafunjo na matete mpaka kwenye maji. Fremu tulitengeneza wenyewe kwa bomba la plastiki, nusu mita kwa nusu mita, kwadrati 20, yaani jumla tumepima mita za mraba 5 tu kati ya 1,000. Hatukurusha fremu kwa nyuma kama watu wanavyofanya, ile sio bahati nasibu kwa sababu mkono unajua pa kurushia. Tulilaza tepu mbili, tukabonyeza Ran# kwenye kikokotoo tukapata umbali wa kila pointi.

Idadi tulizopata:

```
ukoka          118
ndago           61
kishona nguo    33
kifauongo       19
kongwa          12
mchicha pori     7
mbigili          4
jumla          254

1 - Σn(n-1) / N(N-1)
1 - 19050 / 64262 = 0.70
```

Hiki ni kipimo cha Simpson, alichokitoa mwaka 1949. Maana yake ukichukua mimea miwili kwa bahati nasibu kutoka kwenye hiyo 254, uwezekano wa kuwa aina tofauti ni 0.70. Ukoka peke yake ni asilimia 46 ya mimea yote na ndo unaoshusha namba.

Sasa tatizo. Pointi 5 kati ya 20 hatukuzipima pale zilipoangukia. Tatu ziliangukia ndani ya lantana, ile miiba inachana mikono, na mbili kwenye tope karibu na mafunjo ambako mama mmoja aliyekuwa anageuza dagaa alituambia wanangu huko msiende, kuna mamba. Tulimsikiliza na tulifanya vizuri kumsikiliza, lakini baada ya hapo tukakosea, tukachukua pointi 5 za kufidia pale pale karibu na njia kwa sababu kulikuwa rahisi na jua limeshakuwa kali. Karibu na njia watu wanakanyaga kila siku na ukoka unavumilia kukanyagwa kuliko mimea mingi, hivyo tulikuwa kama tunaenda kuuokota ukoka. Nilipofika nyumbani nikatoa hizo 5 nikahesabu upya, ukoka ukashuka kutoka 118 hadi 57, kongwa na mchicha pori havikupungua hata mmoja, na mbigili 3 kati ya 4 zilikuwa za njiani:

```
N = 168
1 - 6400 / 28056 = 0.77
```

Kwa hiyo uvivu wa dakika ishirini umebadilisha jibu kutoka 0.77 hadi 0.70. Na hiyo 0.77 nayo sio ya mteremko mzima, ni ya sehemu ya wazi tu, kwa sababu lantana, mafunjo na matete tumeyaona kwa macho lakini kwenye jedwali hayapo kabisa, mtu akisoma jedwali peke yake atadhani Luchelele haina mafunjo!

Kuna na kuhesabu kwenyewe. Ukoka unatambaa na kutoa mizizi kila kifundo, mmea mmoja unaishia wapi? Tulikubaliana kila shina lenye mizizi yake ni mmoja, lakini daftari linaonyesha mwenzetu aliyehesabu kwadrati 1 hadi 10 alikuwa anavuta kamba nzima anaandika moja, mimi 11 hadi 20 nilihesabu kila kifundo. Ningependa ukoka tuupime kwa asilimia ya ardhi inayofunikwa. Ndago tuliitambua kwa kusokota shina kwenye vidole, lina pembe tatu, ila jamii yake karibu yote iko hivyo na chipukizi ambazo hazijatoa maua huenda tumezichanganya. Halafu ni mwezi wa tatu, mvua zimeshaanza, mimea ya msimu imejaa, mwezi wa nane isingekuwa hivi.

Tunaomba fremu ibaki kwetu mpaka Jumamosi ijayo. Pointi tatu za lantana tutazirudia pale pale zilipoangukia, tumepata glavu na panga la kufungulia njia bila kukata ndani ya fremu. Zile mbili za tope tutaziacha na kuandika wazi kwamba hazikupimwa, na mteremko tutauripoti kwa kanda, juu, katikati na chini, kila kanda na namba yake.